Nyuzi 28 zisizoonekana kwenye nobu

Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nakata vichwa vya keki. Kila keki iliyotoka kwenye oveni yangu hapa Ipagala ilitoka imeinuka katikati kama kichuguu, imepasuka juu, na pembeni imekolea rangi kuliko nilivyotaka. Nilichukua kisu cha mkate nikasawazisha, nikafunika makovu kwa aisingi, na vile vichwa wakala watoto wa mtaani. Walijua siku zangu za oda kuliko mimi mwenyewe.

Tulihamia Dodoma mwaka 2019, mume wangu akifuata ofisi yake. Vyombo vilikuja kwa lori, kilomita 450 hivi kutoka Dar es Salaam, na jiko letu, lile la gesi juu na oveni ya umeme chini, lililazwa chali chini ya magodoro. Jambo hilo la kulazwa chali lilikuja kuwa na maana baadaye, lakini wakati ule sikulifikiria hata kidogo. Nilichojua ni kwamba Dar keki zilikuwa zinatoka vizuri na Dodoma hazitoki vizuri, kwa hiyo nikaanza kuishuku Dodoma.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa mwinuko. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na waokaji wenzangu wakaniambia kwamba huku hewa ni nyepesi, hewa inayotoka kwenye bekingi poda hutanuka zaidi, punguza kidogo. Nilipunguza kutoka vijiko viwili vya chai hadi kimoja na nusu, halafu kimoja na robo. Keki ikawa nzito, na bado ikapasuka. Ushauri wao si wa uongo, ila mwinuko wa namna hii unahitaji marekebisho madogo tu, na mimi nilikuwa nalitibu tatizo ambalo halikuwa pale.

Mshukiwa wa pili alikuwa umeme mdogo. Jioni taa zetu zilikuwa zinafifia, na nikaona hapo ndipo penye ugonjwa. Mume wangu alipima kwenye soketi akakuta volti 195 badala ya 230. Hiyo inapunguza nguvu ya koili sana kuliko unavyodhani, kwa sababu nguvu inafuata mraba wa volti: 195 kwa 230 ni kama 0.85, na 0.85 mara yenyewe ni 0.72. Koili inabaki na chini kidogo ya robo tatu ya nguvu yake. Lakini hebu fikiria matokeo yake. Oveni itachelewa kupata moto, na baada ya kufungua mlango itachelewa kurudi ilipokuwa. Haiwezi kuunguza. Koili dhaifu inakaa imewaka muda mrefu zaidi, basi, na themostati ndiyo inayoamua lini izime. Keki yangu ilikuwa inaungua, kwa hiyo umeme mdogo haukuwa na hatia. Ilinichukua miezi kuliona hilo, na katikati hapo tulinunua stebilaiza, ambayo sasa inahudumia friji.

Kilichonigutua ni zabibu. Hapa ni nchi ya zabibu, na keki ya zabibu kavu ndiyo inayoagizwa sana kwangu. Mteja mmoja, mama mtu mzima wa Area C, alinipigia simu kwa upole kabisa: "Mwanangu, keki ni nzuri, lakini zabibu za pembeni ni chungu." Nilikata kipande nilichokuwa nimebaki nacho nikaonja. Zabibu za katikati zilikuwa tamu na laini. Zile zilizogusa ukingo zilikuwa zimevimba, nyeusi, na ladha yake ni ya sukari iliyoungua. Zabibu kavu ni sukari tupu yenye ngozi, na kwenye nyuzi 180 zilizofunikwa na unga haziungui kwa dakika 35. Nobu yangu ilikuwa imekaa palepale kwenye 180.

Kuanzia hapo nikaacha kuitazama rojo na kuanza kuitazama oveni. Unga wa keki unaiva kuanzia nje kwenda ndani. Moto ukiwa wa kiasi, ukingo na katikati vinapishana kwa muda mfupi, keki inapanda pamoja. Moto ukizidi, ukingo unaganda mapema na juu panatengeneza gamba wakati kitovu bado ni uji. Bekingi poda ya kule katikati haijamaliza kazi, inasukuma, na njia pekee iliyobaki ni kupasua gamba na kutokea juu. Kichuguu changu kilikuwa ni hicho. Na kwa kuwa juu pamekwisha kubadilika rangi, unaitoa keki kwa hofu ya kuungua kabla kitovu hakijakaza, ikipoa inatitia. Mara kwa mara nilipata vyote viwili katika keki moja: mpasuko pembeni na shimo katikati.

Sikuwa na kipimajoto. Nilichokuwa nacho ni sukari. Sukari nyeupe ya kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 186, na kwa kuwa inayeyuka waziwazi, inakupa jibu la ndiyo au hapana. Nilikunja karatasi ya foili kuwa kisahani, nikaweka kijiko kimoja cha sukari, nikaseti oveni kwenye 170 na kuiacha ipate moto kwa nusu saa nzima, kisha nikaingiza sukari kwenye rafu ya kati kwa dakika 15. Kama nobu ingekuwa inasema kweli, sukari ingetoka kama ilivyoingia. Ilitoka kimiminika cha rangi ya asali. Muda wa dakika 15 usiuzidishe, kwa sababu sukari ikikaa saa kadhaa kwenye moto wa chini ya hapo nayo huanza kubadilika rangi, ukaja kuilaumu oveni bure. Jaribio hili linakwambia tu upande ambao oveni imelalia. Haliwezi kukwambia imelala kiasi gani.

Mdogo wangu aliyeko Dar alininunulia vitu viwili Kariakoo na kuvituma kwa basi: kipimajoto cha saa, kile cha bati kinachoning'inizwa kwenye rafu, na mita ya fundi umeme yenye waya wa kupimia joto, ule mwembamba wenye kitambaa cha nyuzi za kioo na kijishanga kidogo cha chuma kwenye ncha. Kabla ya kuviamini nikataka kuvijaribu. Waya nikauchovya kwenye bakuli la barafu iliyopondwa na maji kidogo, nikakoroga, ukasoma 0, wakati mwingine 1. Vizuri. Kisha nikauchovya kwenye sufuria ya maji yanayotokota, ncha isiguse chini. Ukasoma 96.

Nikakasirika. Nilimpigia mdogo wangu nikamwambia kauziwa kitu kibovu, maji yanachemka kwa 100, hata mtoto wa darasa la tano anajua. Jirani yetu anayefundisha fizikia sekondari ndiye aliyeniokoa na aibu ya kukirudisha. "Dada, maji yanachemka kwa 100 pale Kivukoni," aliniambia. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka kinashuka kama nyuzi moja. Mita 1,100 na ushee ni karibu nyuzi nne. Kwa hiyo 96 ndiyo namba sahihi kwa jikoni kwangu, na mtu wa Dodoma anayekirekebisha kipimajoto chake kisome 100 kwenye maji yanayochemka anakiharibu kwa nyuzi nne kwa mikono yake.

Kile cha saa huwezi kukichovya kwenye maji. Hicho nilikijaribu kwa kukining'iniza kando ya ncha ya waya ndani ya oveni. Kikawa kinasoma nyuzi sita chini ya waya baada ya kutulia, nikaandika "ongeza 6" kwa kalamu ya kudumu nyuma yake. Kinafaa, ila ni kizito. Joto likipanda na kushuka, chenyewe kinajivuta nyuma, kinakuonyesha wastani na kukuficha mawimbi.

Na mawimbi yenyewe ndiyo sababu watu wengi wanapima oveni na kupata jibu la uongo. Oveni ya aina hii haishikilii joto moja. Koili inawaka mpaka themostati ikate, joto linaendelea kupanda kwa sababu koili bado ni nyekundu, linaanza kushuka, linashuka chini ya kiwango, themostati inawasha tena. Ukichungulia mara moja ukakuta 200 huwezi kujua kama umeikuta kileleni au bondeni. Na ukipima taa ya oveni inapozimika kwa mara ya kwanza ndiyo umepotea kabisa, maana hewa imepata moto lakini kuta na rafu bado.

Nilifanya hivi. Rafu katikati, hakuna tini wala trei ndani. Waya wa kupimia nikaupitisha pembeni mwa mpira wa mlango, ncha nikaifunga kwenye rafu kwa kipande cha waya wa chuma ili isimame hewani pale ambapo keki hukaa, isiguse chuma chochote. Nobu kwenye 180. Taa ilizimika dakika ya 14 na mita ikapanda hadi 226. Hiyo sikuiandika kama jibu. Nikasubiri mpaka dakika ya 45, ndipo nikaanza kuandika kila kilele na kila bonde, bila kufungua mlango. Vilele vilikuwa 221, 220, 222. Mabonde yalikuwa 195, 196, 194. Katikati ya 221 na 195 ni 208.

Nobu inasema 180, keki inaokwa kwa 208, na kileleni inapigwa na 222. Nilikaa kwenye kigoda nikatazama ile karatasi. Miaka miwili ya vichuguu, na mimi nalaumu mji mkuu wa nchi.

Wazo la kwanza lilikuwa rahisi: basi nitaseti 150 kila ninapotaka 180. Nikashukuru kwamba niliendelea kupima. Kwenye 150 wastani ulikuwa 172, yaani imezidi 22. Kwenye 200 ulikuwa 234, imezidi 34. Kosa halikuwa moja, lilikuwa linakua kadiri moto unavyokua. Kama nobu ingekuwa imelegea tu na kuzunguka kidogo kwenye mhimili wake, ningetarajia kosa linalokaribia kuwa lilelile kila mahali. Hili lilikuwa na tabia nyingine, na fundi alipokuja nilimpa karatasi kabla ya kumpa maji ya kunywa.

Ni kijana wa Majengo, mpole, asiyependa maneno mengi. "Shikamoo mama. Hii oveni imesafiri?"

"Marahaba. Imetoka Dar kwa lori."

"Imesimama au imelala?"

Nilipomwambia ililazwa chali akacheka kidogo, akazima swichi kuu, akachomoa rafu zote na kumulika ndani kwa tochi ya simu. Juu kulia, kwenye ukuta wa nyuma, palikuwa na vibanio viwili vidogo vya bati. Kimoja kilikuwa kimefunguka. Kwenye kile kingine kulikuwa na kipande cha shaba chenye unene wa kalamu, na zaidi ya nusu yake ilikuwa haionekani. Ilikuwa imerudi nyuma kupitia tundu lake, imezama kwenye pamba ya kioo inayozuia joto lisitoke.

Kipande hicho mafundi wanakiita sensa, ingawa hakina umeme wowote ndani yake. Ni kikopo cha shaba kilichojaa mafuta, kimeunganishwa na mrija mwembamba kama waya unaopita nyuma ya oveni hadi kwenye themostati iliyo nyuma ya nobu. Mafuta yakipata moto yanatanuka, yanasukuma kisahani chembamba cha bati, kisahani kinaachanisha miguu ya swichi, koili inazimika. Ukizungusha nobu unachofanya ni kuongeza au kupunguza umbali ambao kisahani kinapaswa kusogea kabla ya kukata. Namba 180 iliyochapishwa pale haijapimwa na mtu yeyote siku hiyo. Ni ahadi ya kiwandani, na inadhania kwamba kikopo chote kiko ndani ya oveni.

Changu nusu yake ilikuwa nje, kwenye pamba yenye joto la chini. Kwa hiyo mafuta yalikuwa yanatanuka kidogo kuliko joto halisi, themostati inasubiri, koili inaendelea. Na kadiri oveni inavyokuwa na moto mkali, ndivyo tofauti kati ya ndani na kwenye pamba inavyopanuka, na ndivyo kosa linavyokua. Karatasi yangu ilikuwa imekwisha kusema hivyo, sema mimi sikujua kuisoma. Fundi alikivuta kikopo taratibu, bila kukunja mrija, maana mrija ukivunjika au kupata ufa ndiyo mwisho wa themostati nzima. Akakibana, na kibanio kilichofunguka akakibadilisha kwa kukata kipande cha bati. Alinitoza elfu kumi na tano.

Siku ileile nilipima upya. Kwenye 180, vilele 195 na mabonde 175, wastani 185. Mawimbi yenyewe yalikuwa yamepungua kutoka nyuzi 26 hadi 20, kwa sababu sasa kikopo kinasikia joto haraka. Ndani ya mhimili wa themostati nyingi kuna skrubu ndogo ya kurekebishia, na fundi aliuliza kama aondoe hizo nyuzi tano. Nilikataa. Tano naweza kuishi nazo.

Kuoka ilibidi nijifunze upya, na hili hakuna aliyenitahadharisha. Keki ya tini ya sentimita 20 niliyokuwa naitoa dakika ya 35 sasa ilikuwa dakika ya 35 bado inatikisika katikati na juu ni ya njano hafifu. Mkono wangu ulikuwa umezoea makosa. Ilihitaji dakika 50. Nikairudisha bekingi poda hadi vijiko viwili, ikapanda tambarare, nikaijaribu kidogo kidogo na sasa natumia kimoja na robo tatu, ambacho nadhani ndicho mwinuko wa Dodoma unachodai kwa haki. Watoto wa mtaani walikuja Ijumaa wakaondoka mikono mitupu.

Ningeishia hapo kama themostati isingekufa kweli, mwaka 2023. Safari hii sikungoja zabibu. Nilikuwa na desturi ya kupima kila baada ya miezi mitatu na kuandika nyuma ya mlango wa kabati: 185, 186, 185, kisha 191, kisha 203. Kikopo kilikuwa mahali pake, nilimulika mwenyewe. Siku moja nikaseti 160 kwa ajili ya biskuti na taa haikuzimika kabisa. Mita ilipofika 250 nikazima ukutani. Fundi alisikiliza sauti ya nobu akizungusha kurudi chini wakati oveni bado ina moto, akaniambia nisikilize pia. Palitakiwa pasikike "ta" ya swichi kuachana. Hapakusikika. Mafuta yalikuwa yanavuja taratibu mahali fulani kwenye mrija, na yakipungua matokeo yake ni kama ya kikopo kilichozama kwenye pamba: hakuna cha kusukuma kisahani, oveni inapanda bila breki. Kipande kikifa kwa namna hii kinafia upande wa hatari, ndiyo maana namba zikianza kupanda zenyewe kila robo mwaka sisubiri tena.

Akaleta mpya, akaifunga, akaondoka. Nikapima kwa mazoea tu. Kwenye 180 wastani ulikuwa 211.

Nilimpigia. "Mama, hicho ni kipya," akasema, kwa sauti ya mtu anayejizuia. Nikapima na 150, nikapata 174. Kosa linalokua tena, lakini kikopo kiko chote ndani. Yule jirani wa fizikia alikuja na kalamu tukakaa mezani. Nobu yangu imeandikwa kuanzia 50 hadi 250. Kwenye 180, nobu imezunguka asilimia 65 ya safari yake, kwa sababu 130 ni asilimia 65 ya 200. Akauliza, je, kama themostati yenyewe imetengenezwa kwa ajili ya nobu ya 50 hadi 300? Asilimia 65 ya 250 ni 162 na nusu, jumlisha 50, unapata 212 na nusu. Kwenye 150 nobu iko nusu ya safari, na nusu ya 250 ni 125, jumlisha 50, unapata 175. Nilipata 211 na 174.

Fundi alirudi, akafungua, na kwenye mwili wa themostati palikuwa pamechapwa 50-300, herufi ndogo kama za kopo la dawa. Haikuwa mbovu. Ilikuwa ya jiko lingine. Alisikitika kweli, na sikumlaumu, kwa sababu vipande hivi vinauzwa vikiwa vimechanganywa kwenye boksi moja, umbo ni lilelile na mhimili unaingia nobu yoyote. Tulitafuta ya 50-250 wiki mbili. Siku hizi nikisikia mtu anabadilisha themostati namwambia achukue ile ya zamani mkononi na kulinganisha kiwango kilichochapwa, uwezo wa ampea, urefu wa mrija, na urefu na unene wa kikopo, kwa sababu kikopo kifupi kwenye vibanio virefu kitadondoka kama cha kwangu. Hii niliyonayo sasa inanipa 183.

Jirani wa upande wa pili, mama anayeoka mikate ya wanafunzi wa chuo kikuu, ana oveni ya kisasa ya skrini, na alikuwa ananicheka na karatasi zangu. Mwezi uliopita mikate yake ikaanza kutoka myeupe, mizito, imekauka kwa kukaa muda mrefu bila kupata rangi. Skrini inasema 200. Waya wangu ulisema 184. Kwake sensa ni ya umeme kweli: kijiti chenye ukinzani wa omu 1,000 kwenye nyuzi 0, unaoongezeka karibu omu 4 kwa kila nyuzi moja. Fundi alipima asubuhi, chumba kikiwa nyuzi 25, akapata omu 1,160. Alipochomoa plagi iliyo nyuma na kupima kijiti chenyewe, akapata 1,097, ambayo ndiyo inayotakiwa. Zile omu 63 zilikuwa ni kutu na mvuke wa mafuta kwenye miguu ya plagi. Oveni ilikuwa inazihesabu kama joto, nyuzi 16 ambazo hazipo, na kuzima mapema. Akazisugua kwa msasa laini, na mikate ikarudisha rangi.

Tangu siku hiyo waya wangu uko kwake. Kila nikimtuma mtoto kuuchukua anarudi na nusu mkate na salamu.